Ankara Yenye Jumla Nne: Kisa cha Kiolezo cha Mfasiri wa Kujitegemea

Usuli

Kisa hiki kinahusu mfasiri mmoja wa Dar es Salaam ambaye hufanya kazi zake nyumbani, kwa jina lake la biashara, bila mwajiriwa wala mhasibu. Wateja wake ni wa aina mbili. Wa kwanza ni taasisi na mashirika yenye idara za fedha, ambayo humpa hati ya agizo, ile ambayo wengi huiita LPO, na hulipa kwa njia ya benki baada ya ankara kupita mikononi mwa watu watatu au wanne. Wa pili ni watu binafsi wanaotaka vyeti, barua au wasifu wao ufasiriwe, na hao hulipa kwa simu siku hiyohiyo. Majina, kiwango halisi cha malipo na kila kinachoweza kumtambulisha yeye au wateja wake vimeondolewa, na namba za fedha zimebadilishwa kwa namna inayohifadhi uwiano wake.

Nilihusika kama msanifu wa nyaraka. Aliniomba nimtengenezee kiolezo kipya cha ankara, na ombi lake la kwanza, kama lilivyo ombi la wengi, lilikuwa kwamba ankara ipendeze na nembo yake ionekane vizuri. Nilimwomba kwanza anioneshe ankara iliyomletea shida kuliko zote. Aliyoileta ndiyo iliyogeuza kazi nzima, kwa sababu ilionesha kwamba sura haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kwamba mtu aliyepaswa kulipa hakuweza kujua alipe kiasi gani.

Ankara iliyorudishwa

Kazi yenyewe ilikuwa na sehemu tatu. Alifasiri maneno 14,600 kwa shilingi 80 kila neno, akahariri maneno 9,200 yaliyofasiriwa na mtu mwingine kwa shilingi 30 kila neno, kisha akakalimani katika kikao cha nusu siku kwa shilingi 350,000. Hesabu hizo ni 1,168,000 na 276,000 na 350,000, na jumla yake ni 1,794,000, kiasi kilekile kilichoandikwa katika hati ya agizo. Kabla ya kazi kuanza, mteja alikuwa amelipa malipo ya awali ya shilingi 500,000.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipojificha. Katika Tanzania, taasisi inayomlipa mkazi kwa huduma hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kuiwasilisha kwa mamlaka ya mapato kwa niaba ya anayelipwa. Kwa hiyo katika zile 500,000, mteja alizuia 25,000, na zilizoingia katika akaunti ya mfasiri zilikuwa 475,000. Alipokaa kuandika ankara ya mwisho alifungua taarifa yake ya benki, akaona 475,000, akaiandika hiyohiyo kuwa malipo ya awali aliyopokea. Kwa upande wake alikuwa mkweli kabisa. Lakini katika vitabu vya mteja, deni lililokuwa limepunguzwa lilikuwa 500,000.

Kosa la pili lilitoka kwenye kiolezo alichokuwa amekipakua mtandaoni. Kilikuwa na mstari wa jumla ndogo, mstari wa kodi, mstari wa jumla, na mwishoni mstari wa jumla kuu, naye alihisi kwamba kila mstari lazima ujazwe. Kwenye kodi aliandika sifuri. Kisha, kwa kuwa mteja huyohuyo alikuwa bado hajamaliza deni la 420,000 la ankara ya miezi miwili nyuma, aliongeza mstari wa deni la nyuma ili akumbushie. Sehemu ya chini ya ankara ikawa hivi:

```
Jumla ndogo           1,794,000
Kodi                          0
Jumla                 1,794,000
Malipo ya awali         475,000
Salio                 1,319,000
Deni la nyuma           420,000
JUMLA KUU             1,739,000
```

Mhasibu wa mteja alitafuta 1,294,000, yaani 1,794,000 ukitoa 500,000, na hakuiona popote. Badala yake aliona mistari minne inayodai kuwa jumla au salio, na ule ulioandikwa kwa herufi kubwa ulikuwa na kiasi kisicholingana na hati yoyote aliyokuwa nayo mezani. Aliiweka kando. Baada ya wiki tatu, mfasiri alipopiga simu kuulizia, aliulizwa: "Dada, kati ya hizi nilipe ipi?" Aliulizwa pia kama huduma yake ni ya kiwango cha sifuri katika Kodi ya Ongezeko la Thamani au hakusajiliwa, kwa sababu mambo hayo mawili hayafanani na ile sifuri haikueleza ni lipi.

Aliirekebisha kwa mkono na kuirudisha. Malipo yalitoka, kisha yakarudi. Ankara ilikuwa na jina lake la biashara juu, na chini kulikuwa na namba ya akaunti tu, bila jina la akaunti. Mlipaji aliandika jina la biashara aliloliona, ilhali akaunti imefunguliwa kwa majina yake matatu, na benki ikayakataa malipo hayo kwa kuwa jina halikulingana. Kutoka siku alipotuma ankara ya kwanza hadi siku fedha zilipoingia ilipita karibu miezi miwili.

Uamuzi kuhusu jumla

Tulikubaliana kwanza juu ya swali ambalo ankara inapaswa kulijibu: mteja huyu, kwa hati hii peke yake, anadaiwa kiasi gani? Mstari wowote usiosaidia kujibu swali hilo uliondolewa.

Deni la nyuma liliondoka mara moja. Deni hilo tayari lina ankara yake yenye namba yake, na likijumlishwa kwenye ankara mpya linakuwa limedaiwa mara mbili kwa hati mbili tofauti. Mfasiri alisita, akisema kwamba asipokumbusha hatalipwa. Tuliafikiana kwamba ukumbusho uende kwa barua pepe inayoambatana na ankara, ukitaja namba ya ankara ya zamani na kiasi chake, na ndani ya ankara pasiwepo chochote.

Mstari wa kodi nao uliondoka. Kwa kuwa hajasajiliwa katika Kodi ya Ongezeko la Thamani, haruhusiwi kuitoza, na mstari wenye sifuri ulikuwa unaalika swali tu. Badala yake tuliweka sentensi moja fupi chini ya jedwali inayosema kwamba mtoa huduma hajasajiliwa. Siku atakaposajiliwa itabidi kiolezo kibadilishwe, na hilo ni sawa, kwa kuwa kiolezo kinachojaribu kutosheleza hali zote ndicho kilichomfikisha hapo.

Jambo gumu lilikuwa kodi ya zuio. Yeye alitaka ankara ioneshe makato ya asilimia 5 na kiasi halisi atakachopokea, ili asiwe na mshangao. Nilipinga, na bado naona nilikuwa sahihi, ingawa sababu yangu ya kwanza ilikuwa dhaifu kuliko ile niliyoielewa baadaye. Mhasibu hukokotoa zuio kutoka kwenye kiasi kamili cha ankara. Ankara ikiishia na kiasi kilichokwisha kupunguzwa, mhasibu makini atauliza, na asiye makini atakata asilimia 5 nyingine juu ya kile kilichobaki. Kwa 1,294,000, makato sahihi ni 64,700 na malipo ni 1,229,300. Ankara ikiandikwa 1,229,300 na mhasibu akakata tena, mfasiri anapoteza 61,465 ambazo kuzirudisha kutamgharimu simu nyingi. Kwa hiyo ankara inadai kiasi kamili, na kodi ya zuio inatajwa kwa maneno tu, bila namba: kwamba mteja akiikata, amtumie mtoa huduma hati ya makato. Hati hiyo ndiyo inayomwezesha kuhesabiwa makato hayo anapowasilisha ritani yake ya mwaka.

Kutokana na hilo ikafuata kanuni ya malipo ya awali, ambayo kwangu ndiyo funzo kubwa la kisa hiki. Malipo ya awali huandikwa kwa kiasi kilichopunguza deni, wala si kwa kiasi kilichoonekana benki. Mteja alitoa 500,000, zikiwa 475,000 kwa mfasiri na 25,000 kwa mamlaka ya mapato kwa niaba ya mfasiri huyohuyo. Zote 500,000 ni zake. Sehemu ya jumla ikabaki na mistari mitatu:

```
Jumla ya kazi               1,794,000
Toa: malipo ya awali          500,000
KIASI CHA KULIPA (TZS)      1,294,000
```

Neno "jumla" sasa linaonekana mara moja. Neno "kulipa" nalo liko kwenye mstari mmoja tu, na huo ndio mstari pekee wenye herufi nene na ukubwa wa pointi 14, wakati sehemu nyingine zote zina pointi 10. Pale ambapo hakukuwa na malipo ya awali, mstari wa kati hufichwa kabisa badala ya kuachwa na sifuri; haufutwi, kwa kuwa fomula ya kiasi cha kulipa inausoma.

Kuhusu mwonekano wa namba zenyewe, maamuzi yalikuwa machache. Namba zote zimesogezwa kulia ili mamia yawe chini ya mamia na maelfu chini ya maelfu, na kichwa cha safu hiyo kimesogezwa kulia pia, kwa kuwa kichwa kikikaa kushoto na namba zikakaa kulia jicho halivioni kuwa ni kitu kimoja. Mkato umetumika kutenga maelfu. Alama ya fedha imeandikwa mara mbili tu, kwenye kichwa cha safu na kwenye kiasi cha kulipa, kwa sababu kuirudia kwenye kila mstari kulikuwa kunajaza safu bila faida.

Nilikuwa nimekizungushia kiasi cha kulipa rangi ya kijivu. Tulipochapisha kwa printa ya leza ya duka la jirani, kisha tukatoa nakala ya nakala, kijivu kiligeuka madoa meusi juu ya namba, tena namba muhimu kuliko zote. Tuliondoa rangi na kuweka mstari mnene juu na mwingine chini. Jaribio hilo la nakala ya nakala halichukui dakika tano, nami sasa nalifanya kwa kila hati itakayopita kwenye ofisi ya mtu mwingine.

Uamuzi kuhusu maelezo ya malipo

Katika ankara ya zamani, maelezo ya benki yalikuwa kwenye mstari wa chini kabisa wa ukurasa, kwa herufi ndogo, pamoja na anwani na kaulimbiu ya biashara. Tuliyahamishia katika kisanduku kimoja kilicho mara tu baada ya sehemu ya jumla, ili mlipaji aliyekwisha kuona kiasi asilazimike kutafuta pa kukipeleka. Kisanduku hicho kina jina la benki, tawi, jina la akaunti kama lilivyosajiliwa benki, namba ya akaunti, na namba ya ankara ya kutaja wakati wa kulipa. Kiasi cha kulipa kinarudiwa humo, lakini hakiandikwi upya. Kinasomwa kwa fomula kutoka kwenye sehemu ya jumla, kwa hiyo namba hizo mbili haziwezi kutofautiana.

Suala la jina la akaunti tulilitatua kwa sentensi moja ndani ya kisanduku: "Jina la akaunti ni tofauti na jina la biashara." Inaonekana kama kitu cha kujieleza tu, lakini ilimwondolea mlipaji shaka ambayo ingemfanya ama abuni ama asimamishe malipo.

Namba ya akaunti ilinikosesha mimi mwenyewe. Ilikuwa inaanza na sifuri, nami niliiandika kwenye seli ya kawaida ya lahajedwali. Programu ikaichukua kuwa ni namba, ikaondoa sifuri ya mwanzo, na ikaacha namba inayoonekana ya kawaida kabisa ila imepungua tarakimu moja. Niligundua kwa sababu tu nilimwomba mfasiri asome namba hiyo kwa sauti kutoka kwenye kadi yake huku mimi nikifuatilia kwenye karatasi. Tiba yake ni kuipa seli hiyo umbo la maandishi kabla ya kuandika, au kuanza na alama ya `'` mbele ya namba. Wale wenye namba ndefu sana wana hatari nyingine, kwa kuwa Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba, na zinazozidi hapo hugeuzwa sifuri. Niliiacha namba bila nafasi kati ya tarakimu, ingawa nafasi husaidia kusoma, kwa kuwa walipaji wengi huinakili moja kwa moja kwenye mfumo wa benki, na baadhi ya mifumo huikataa namba yenye nafasi.

Tulibishana kuhusu malipo kwa simu. Yeye alitaka namba ya benki na namba ya simu zikae pamoja, mteja achague. Hoja yangu ilikuwa kwamba idara ya fedha inapoona njia mbili huuliza ipi itumike, na kila swali linaongeza siku. Tulifanya matoleo mawili ya kisanduku: la taasisi lina benki tu, na la watu binafsi lina namba ya simu na jina litakaloonekana kwenye simu ya mlipaji kabla hajathibitisha. Halikuwa suluhisho kamili, kama itakavyoonekana.

Mwisho tuliongeza onyo fupi kwamba maelezo hayo hayabadilishwi kwa ujumbe wa barua pepe, na kwamba mteja akipokea ujumbe wa namna hiyo apige simu kwa namba anayoijua. Utapeli wa kutuma "akaunti mpya" kwa jina la mtoa huduma ni wa kawaida kiasi kwamba sentensi hiyo inastahili nafasi yake.

Uamuzi kuhusu nembo

Nembo yake ilikuwa picha aliyotumiwa kwa simu, yenye uzito wa megabaiti 4, ikichukua karibu robo ya ukurasa. Jina la biashara lilikuwa ndani ya picha hiyo tu, kwa rangi ya manjano hafifu. Kwenye printa nyeusi na nyeupe jina hilo lilififia kabisa, na ankara ikabaki haina mwenyewe.

Tuliitengea nembo nafasi ya milimita 30 kwa 15 kwenye kona ya juu kushoto, na jina la biashara likaandikwa pembeni kwa herufi za kawaida, pamoja na namba ya mlipakodi. Nembo ikipotea, jina linabaki. Kwa upana wa milimita 30 na uchapishaji wa nukta 300 kwa inchi, picha inahitaji upana wa takriban pikseli 354, kwa hiyo tuliipunguza hadi pikseli 400 na faili likawa jepesi kiasi cha kutumwa bila shida. Aliomba toleo la nembo lenye rangi nyeusi tupu, aliyemtengenezea akampa, na hilo ndilo linalotumika kwenye ankara.

Kuna jambo moja la kiufundi linalosahaulika. Picha inapowekwa kwenye lahajedwali huweza kufungamanishwa na seli zilizo chini yake, na mtu akiongeza au kupanua mstari picha inavutika na kuharibika umbo. Katika mipangilio ya picha tuliikaza ibaki mahali pake kwa ukubwa wake, bila kufuata seli.

Ufundi wa jedwali

Jedwali lina safu tano: namba, maelezo, idadi, bei ya kimoja, na kiasi. Mistari ya kazi ni ya 14 hadi 21. Mstari wa 22 ni mtupu na mwembamba, na upo kwa sababu maalumu. Mtu akiongeza kazi mpya chini ya mstari wa mwisho, mara nyingi mstari huo huangukia nje ya fomula ya kujumlisha, na jumla inabaki ya zamani bila onyo lolote. Fomula ikijumuisha mstari huo mtupu, mstari wowote utakaoingizwa juu yake utakuwa ndani.

```
E14   =IF(C14="","",C14*D14)
E23   =SUM(E14:E22)
E25   =E23-E24
```

Fomula ya kwanza hunakiliwa hadi mstari wa 21, na huacha seli tupu pale ambapo hakuna kazi, badala ya kuonesha safu ya sifuri zinazomchanganya msomaji. Seli zote zenye fomula zilifungwa kwa ulinzi wa karatasi unaoruhusu kuficha mistari, na mfasiri anaweza kuandika kwenye maelezo, idadi, bei, tarehe na malipo ya awali tu.

Yaliyotokea baada ya kutumika

Ankara ya kwanza ya kiolezo kipya ilikwenda kwa mteja yuleyule aliyeirudisha ile ya zamani. Ililipwa kabla ya tarehe ya mwisho, na hakuna aliyepiga simu kuuliza. Ya pili ililipwa pia, ingawa mteja alichelewa siku chache kwa sababu zake.

Ya tatu ilifichua kosa langu. Katika seli ya tarehe nilikuwa nimeweka `=TODAY()` ili kumpunguzia kazi, na tarehe ya mwisho ya kulipa ilikuwa inaongeza siku 30 juu yake. Baada ya wiki tano mteja alisema ameipoteza ankara, na mfasiri akafungua faili, akatoa PDF nyingine, akaituma. Tarehe ilikuwa imebadilika kuwa ya siku hiyo, na tarehe ya mwisho imesogea mbele kwa wiki tano. Nakala ya kwanza ilipopatikana baadaye, mhasibu akawa na hati mbili zenye namba moja na tarehe mbili tofauti, na aliuliza swali la haki kabisa: ipi ni ya kweli? Tuliondoa fomula hiyo. Sasa tarehe huingizwa kwa kubonyeza `Ctrl+;`, ambayo huandika tarehe ya siku hiyo ikabaki ilivyo, na tarehe ya mwisho huonekana kama tarehe kamili badala ya maneno "siku 30". PDF ya kwanza huhifadhiwa kwa jina la namba ya ankara, na mteja akipoteza nakala hutumiwa hiyohiyo.

Wateja wawili binafsi walipokea kwa bahati mbaya toleo la taasisi, wakampigia kuomba namba ya simu ya kulipia. Mteja mmoja wa taasisi aliomba kulipa kwa simu. Kwa hiyo utaratibu wa matoleo mawili umemtaka mfasiri akumbuke kuchagua, na kukumbuka ndicho kitu ambacho kiolezo kinapaswa kumpunguzia mtu.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi kilikuwa ufutaji. Hakuna mstari mpya katika sehemu ya jumla ambao haukuwepo kwenye ankara ya zamani, ila mistari minne iliondoka, na iliyobaki ikapewa majina yasiyoingiliana. Sidhani kama ukubwa wa herufi na mistari minene ingesaidia chochote kama "Jumla", "Salio" na "Jumla kuu" zingebaki pamoja. Usanifu ungekuwa umekoleza utata uleule.

Kanuni ya malipo ya awali ilifaulu kwa sababu inatazama hati kwa macho ya anayeipokea. Hata hivyo ilimwacha mfasiri na pengo: ankara inasema 1,294,000, benki inasema 1,229,300, na yeye hana mahali pa kuoanisha. Hili nililikosea kwa kutoliona mapema. Nilikuwa nimemkatalia kuonesha makato kwenye ankara bila kumpa mahali pengine pa kuyaandika, na kwa miezi miwili aliendelea kudhani kwamba analipwa pungufu. Baadaye tuliongeza karatasi ya pili ndani ya faili, isiyochapishwa, yenye mstari mmoja kwa kila ankara: kiasi kilichodaiwa, kilichozuiwa, kilichoingia, na kama hati ya makato imefika. Kwa kazi tuliyoanza nayo, mistari miwili ya daftari hilo inafunga hesabu: zilizuiwa 25,000 na 64,700, zikaingia 475,000 na 1,229,300, na zote pamoja ni 1,794,000.

Kosa la `=TODAY()` na la namba ya akaunti yana asili moja. Katika yote mawili lahajedwali ilifanya kazi yake sawasawa, na mimi nilisahau kwamba ankara ni hati ya siku moja isiyopaswa kujibadilisha, na kwamba namba ya akaunti ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, wala si kiasi cha kujumlishwa. Kosa la kwanza lilipita ukaguzi wangu kwa sababu nilikijaribu kiolezo siku moja tu. Ingetosha kulifungua faili kesho yake.

Kuhusu lugha, mteja mmoja aliomba ankara kwa Kiingereza kwa kuwa vitabu vyake viko katika lugha hiyo. Tulitengeneza faili la pili zima badala ya kuweka lebo za lugha mbili kwenye ukurasa mmoja, kwa sababu lebo mbili kwa kila mstari zilirudisha ule msongamano tuliouondoa. Gharama yake ni kwamba sasa kuna mafaili mawili yanayopaswa kutumia mfuatano mmoja wa namba za ankara, na mara moja tayari namba ileile ilitumika mara mbili, moja kwa kila lugha. Daftari la karatasi ya pili limehamishiwa kwenye faili la peke yake ili namba inayofuata isomwe hapo.

Seli ya malipo ya awali bado inajazwa kwa mkono. Niliongeza maandishi madogo yanayotokea mtu anapoigusa, yakimkumbusha aandike kiasi kabla ya kodi ya zuio. Katika ankara zote nilizozipitia naye tangu hapo amekiandika sahihi, isipokuwa moja, ambayo aliikamata mwenyewe alipoilinganisha na daftari kabla ya kuituma.